Wateja wa Japani wanalalamika chati inatuma meseji zikiwa nusu. Tatizo liko kwenye Enter au wapi?

Kisanduku_Arusha

Wakuu heshima kwenu. Nimetengeneza boksi la chati kwenye websaiti ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha, mgeni anaandika swali, anagonga Enter, meseji inaenda kwa dada wa ofisini. Kwa Kiingereza, Kijerumani, Kiswahili, haina shida mwaka mzima. Sasa msimu huu wamekuja Wajapani na imekuwa vurugu.

Mfano wa juzi, mgeni alitaka kuandika 明日の朝8時にホテルの前で yaani kesho asubuhi saa 2 mbele ya hoteli. Ofisini ikaingia vipande vipande, kwanza 明日の, halafu 朝, halafu 8時に, hivyo hivyo mpaka mwisho, na kuna neno moja likaja mara mbili. Dada akajibu kipande cha kwanza kabla cha pili hakijafika, mgeni akajibu juu ya lile jibu, basi hapo hakuna aliyemwelewa mwenzake. Mgeni mwingine anasema akituma, neno la mwisho linabaki ndani ya boksi kama mzimu, anafuta anaendelea.

Cha ajabu kuna Wajapani wengine wanatumia boksi hilo hilo na hawana tatizo lolote. Skripti yangu ni hii tu:

```js
box.addEventListener('keydown', (e) => {
  if (e.key === 'Enter') {
    tuma(box.value);
    box.value = '';
  }
});
```

Nimekosea wapi?

---

mtu_wa_seva

Hiyo ni enkodingi mkuu. Angalia database yako kama iko utf8mb4, ukiweka utf8 ya kawaida ya MySQL baadhi ya herufi za Asia zinakatika. Nilishapata hiyo kitu kwenye emoji.

---

Kisanduku_Arusha

Herufi zinafika nzima kaka, hakuna alama za kuuliza wala vijiboksi. Kinachokatika ni sentensi, inatumwa kabla mtu hajamaliza.

---

Muscat_Mswahili

Mimi niko Oman naandika Kiarabu kila siku kwenye boksi za chati za kila aina na sijawahi kuona hilo, na Kiarabu ndio kigumu zaidi maana herufi zinaungana na zinabadilika umbo. Kama Kiarabu kinapita Kijapani kishindwe kwa nini? Angalia intaneti ya hao wageni.

---

Shoga_wa_Tanga

Natia nanga hapa, ngoja waje wanaojua.

---

Mwl_Kibodi

Kisanduku, hilo ni tatizo la zamani sana na karibu kila mtu anayeandika kwa kibodi ya Kiingereza huangukia humo humo. Ngoja nianze na la ndugu wa Muscat kwa sababu jibu lako liko karibu na hapo.

Kiarabu ukigonga kitufe kimoja unapata herufi moja. Umbo la mwanzo, katikati au mwisho linachorwa na fonti wakati wa kuonyesha, maandishi yenyewe hayabadiliki. Kwa hiyo kwa upande wa brauza Kiarabu hakina tofauti na Kiswahili, unagonga, inaingia, imeisha. Kijapani hakina kibodi ya namna hiyo, maana kanji, zile herufi zao za maana, ni maelfu. Mtu anagonga herufi za Kilatini, kuna programu ya mfumo inaitwa IME inazigeuza kuwa kana, herufi zao za matamshi, halafu akigonga spesi inampendekezea kanji, zikiwa nyingi anachagua, na akiridhika anagonga Enter. Hiyo Enter maana yake "ndiyo, neno hili hili". Hajasema tuma.

Ichukulie IME kama wale wazee waliokuwa wanakaa nje ya posta na taipureta kuwaandikia watu barua. Unamwambia jambo, anaandika kwanza kwa penseli pembeni, anakuonyesha, "nimeelewa hivi?", wewe unatikisa kichwa, ndio anapiga chapa. Sasa skripti yako imesimama nyuma ya mteja, ikiona tu kichwa kimetikisika inaipokonya karatasi na kukimbia nayo kwenye sanduku la posta. Ndio maana unapata 明日の, kisha 朝, kisha 8時に. Kila kipande ni pale mteja alipotikisa kichwa.

Na mzimu wako ni hivi, wewe umefanya `box.value = ''` wakati karani bado ana penseli mkononi. Boksi umelifuta lakini yeye hana habari, anamaliza kazi yake, anaweka neno lake. Ndio hilo linabaki au linatumwa mara ya pili.

---

Kisanduku_Arusha

Aisee. Kwa hiyo Enter moja ina kazi mbili. Na wale ambao hawana tatizo?

---

devu_wa_ngong

Msee hiyo ni rahisi, toa keydown weka keyup. IME inashika kitufe kikiwa chini, kikiachiliwa inakuwa imemaliza kazi yake. Ilinisaidia kwa project fulani.

---

Kisanduku_Arusha

Nimejaribu keyup nimepandisha jioni hii, ngoja tuone.

---

Kisanduku_Arusha

Wakuu imekuwa mbaya zaidi 😂 sasa hata wale waliokuwa hawana shida wameanza kulalamika. Nimerudisha keydown haraka haraka kabla bosi hajaona.

---

Mwl_Kibodi

Nilikuwa nataka kukuzuia ila nimechelewa, pole. Lakini umetupa ushahidi mzuri. Hao wasio na shida nakisia wako Windows, na wenye shida wako Mac. Waulize.

Kwenye Windows, mtu akigonga kitufe IME ikiwa kazini, Chrome inakuletea keydown ambayo `key` yake imeandikwa "Process". Haiandiki "Enter". Kwa hiyo `if (e.key === 'Enter')` yako ilikuwa inakataa kwa bahati tu, hukupanga. Kwenye Mac ile ile Chrome inakuandikia "Enter" kabisa, wewe ukaiamini. Halafu kitufe kikiachiliwa, IME imeshamaliza, keyup inakuja ikiwa Enter safi isiyo na alama yoyote kwamba ilikuwa ya karani. Ndio maana keyup imewaangusha wote kwa pamoja.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe, huhitaji kujua Kijapani. Kwenye Mac nenda mipangilio ya kibodi ongeza Japanese - Romaji, kwenye Windows ongeza lugha ya Kijapani inakuja na Microsoft IME. Andika `asa`, spesi, Enter. Asa ni asubuhi kwa Kijapani, ni rahisi kukumbuka. Mac siku hizi inaweza ikajigeuzia yenyewe kabla hujagonga spesi, usishtuke. Hii ndio Chrome ya Mac inavyoonyesha, nimefupisha:

```
keydown a      229  isComposing=false
compositionstart
input   あ
keydown s      229  isComposing=true
input   あｓ
keydown a      229  isComposing=true
input   あさ
keydown (spesi) 229 isComposing=true
input   朝
keydown Enter  229  isComposing=true
compositionend 朝
keyup   Enter   13  isComposing=false
```

Vitufe 5, herufi 1. Tena angalia katikati pale, boksi lilikuwa na あｓ, kitu ambacho si neno wala si herufi ya maana, ni penseli tu. Mtu yeyote anayesoma boksi katika dakika hiyo anasoma uchafu. Na kama Mjapani alitaka asa ile nyingine, 麻, ya kitani, angegonga spesi tena kuchagua, vitufe vinaongezeka herufi inabaki moja.

Sasa ile 229 si namba ya herufi yoyote. Imetoka Windows, inaitwa VK_PROCESSKEY, 0xE5, maana yake "kitufe hiki kimeshachukuliwa na IME, usinihoji". Brauza zikairithi.

---

Kisanduku_Arusha

Nimewauliza, kweli bwana. Wenye vurugu wote Mac. Hii kitu ningeitafuta mwaka mzima.

Basi nimeandika hivi: compositionstart ikija naweka `inatungwa = true`, compositionend ikija naweka false, na Enter inatuma pale tu ambapo ni false. Nimepima Chrome ya Mac ya dada wa ofisini kwa `asa`, iko poa kabisa. Napandisha.

---

devu_wa_ngong

Hapo uko sawa sasa. Au tumia tu e.isComposing, ni kitu moja, huhitaji hiyo variable.

---

Kisanduku_Arusha

Siku tatu kimya, leo Mjapani mmoja tena, Mac tena, vipande vile vile. Nimeingia kwenye logi ya seva nikaona anatumia Safari. Jina la brauza nalo linanicheka, maana kampuni nayo ni ya safari.

---

Mwl_Kibodi

😂 Safari ndiyo mtego wa pili. Tazama tena logi yangu ya Chrome, mistari mitatu ya mwisho. Enter inakuja kwanza, halafu compositionend. Kwa hiyo wakati wa Enter bendera yako bado ni true, unaikataa, vizuri. Safari wamepindua mpangilio:

```
compositionend 朝
keydown Enter  229  isComposing=false
```

Compositionend inatangulia, bendera yako inashuka, isComposing nayo inasema false, halafu ndio Enter inaingia mlango uko wazi. Bendera yako na isComposing ya devu vyote vinadanganywa na kitu kimoja. Kitakachokuokoa ni ile 229, hata Safari inaiweka kwenye Enter hiyo.

```js
box.addEventListener('keydown', (e) => {
  if (e.isComposing || e.keyCode === 229) return;
  if (e.key === 'Enter' && !e.shiftKey) {
    e.preventDefault();
    tuma(box.value);
    box.value = '';
  }
});
```

Kihariri chako kitakupigia mstari kwenye keyCode kwamba imepitwa na wakati. Ni kweli imepitwa, lakini hapa hakuna mbadala unaofanya kazi hiyo, kiache kipige mstari. Andika komenti juu yake ili anayekuja baada yako asije akaifuta kwa usafi.

Na kama boksi lako lingekuwa la mstari mmoja, `<input>` ndani ya `<form>`, usingehitaji hata moja ya haya. Brauza yenyewe inajua Enter ipi ni ya karani na ipi ni ya kutuma fomu, wewe unasikiliza `submit` tu. Shida inaanza tunapotaka textarea yenye Enter ya kutuma, pale tunajitwika kazi ambayo brauza ilikuwa inaifanya bila kelele.

---

Shoga_wa_Tanga

Samahani niulize jambo langu, sijui kama linahusiana. Mimi nina fomu ya kusajili abiria wa boti, jina liwe herufi kubwa, kwa hiyo kila mtu akiandika nageuza hapo hapo, `el.value = el.value.toUpperCase()`. Kwenye laptopu safi. Kwenye simu za Android baadhi ya watu wanaandika Juma inatokea JJUJUMJUMA. Wanafikiri simu imeingia maji. Na hao si Wajapani, ni watu wa Pemba.

---

devu_wa_ngong

Hiyo ni simu slow dada, weka debounce.

---

Mwl_Kibodi

Linahusiana sana dada yangu, na si simu kuwa nzito. Watu wengi hawajui kwamba kwenye Android hata Kiswahili kinaandikwa kwa karani. Angalia ukiandika kwa Gboard, neno unaloliandika lina mstari chini yake mpaka ugonge spesi. Ule mstari ndio penseli. Kibodi inakuwekea neno zima rehani ili iweze kukusahihishia au kukupendekezea, compositionstart na compositionend zinapita pale pale kwa "Juma" kama zinavyopita kwa 朝.

Sasa fuata hatua. Mtu anagonga j. Kibodi inakumbuka: neno linalotungwa ni "j". Skripti yako inaandika upya boksi zima, J. Kwa kibodi, ile "j" yake imetoweka na kuna maandishi mengine ameyakuta hapo. Anagonga u, kibodi inasema neno langu ni "ju", inaliweka, na J yako ipo pale pale. Unageuza tena, JJU. Anagonga m, kibodi inaleta "jum" nyuma yake, JJUJUM. Fuata mwenyewe mpaka a utaona umefika kwenye JJUJUMJUMA yako herufi kwa herufi. Debounce haitibu, itachelewesha tu, mtu akisimama kuwaza katikati ya jina ndio hapo hapo inamkamata.

Dawa ni kutoligusa boksi. Weka CSS `text-transform: uppercase` ili macho yaone herufi kubwa, halafu ugeuze kweli wakati wa kutuma, au kwenye seva. Mtu haoni tofauti.

---

Shoga_wa_Tanga

Yaani nilishaanza kuwaambia watu wabadilishe simu 🙈 asante mwalimu.

Na kwenye sehemu ya namba ya simu nazuia herufi kwa keydown, kama si tarakimu nafanya preventDefault. Android herufi zinapita tu kama hakuna mlinzi. Ni hilo hilo?

---

Mwl_Kibodi

Ni hilo hilo. Chapisha e.key kwenye Android uone, Gboard ikiwa inatunga inakupa "Unidentified" na 229 karibu kwa kila herufi. Mlinzi wako anaona mtu kajifunika shuka, hajui ni a au 7. Na hata ukihamia `beforeinput`, kwa maandishi yanayotungwa huruhusiwi kuyazuia, preventDefault haisikilizwi, kwa sababu herufi iko kwa kibodi tayari. Weka `inputmode="numeric"`, mtu atapewa kibodi ya tarakimu, na hiyo kwa kawaida haitungi kitu. Kisha usafishe mabaki kwenye tukio la `change`, mtu akishatoka kwenye boksi. Usimfukuze akiwa anaandika.

---

papa_wa_bukavu

Bonsoir wote. Mimi niko Bukavu, huku kompyuta nyingi ziko na kibodi ya Kifaransa, AZERTY. Niliandikia watoto mchezo wa kujifunza kugonga kibodi, neno linashuka kutoka juu, mtoto analiandika kabla halijafika chini. Nilijenga neno kwa kuongeza `e.key` moja moja, sina boksi la kuandikia kabisa. Neno forêt linaanza kuandikwa forDead. Watoto wanasoma "dead" wanacheka, wanasema mchezo umewaua. Je na sisi tuko na IME?

---

Mwl_Kibodi

Papa huo mchezo nimeupenda hata kabla sijauona. Hamna IME kubwa kama ya Wajapani, lakini mna kitufe kilichokufa. Kofia ya ^ kwenye AZERTY ukiigonga peke yake haiandiki kitu, inasubiri herufi inayofuata ndio iikalie kichwani. Brauza inakuambia kilichogongwa ni "Dead", hilo ni jina la kitufe, na wewe umelibandika kama maandishi. Kwenye Mac inaenda mbali zaidi, compositionstart inatokea, ^ inaonekana imepigiwa mstari, kisha e ikija zinakuwa ê.

Unaweza ukaanza kukataa kila `key` yenye urefu zaidi ya 1, na utaondoa neno Dead, lakini bado utakuwa unajaribu kukisia kazi ambayo mfumo umeshaifanya. Weka `<input>` halisi, ulifanye lisionekane ukitaka, liwe na fokasi muda wote, na wewe usome `input.value` kwenye tukio la `input`. Linganisha na neno linaloshuka. Acha vitufe kabisa.

---

papa_wa_bukavu

Lakini mimi nataka pia kuhesabu mtoto amekosea vitufe vingapi. Nikisoma value peke yake sitajua alichofuta.

---

Mwl_Kibodi

Kufuta utakuona, value itafupika. Ila kuhesabu "vitufe" kwa forêt ni swali lenyewe gumu. ê ni kitufe kimoja au viwili? Mtoto akigonga ^ halafu t, kosa ni lipi, kofia au t? Mimi ningehesabu herufi zilizokosewa, vitufe ningeviacha. Wewe ndiye mwalimu wao lakini.

---

papa_wa_bukavu

Kwa mwalimu wa kugonga kibodi kitufe ndicho somo. Nitafikiri.

---

devu_wa_ngong

Okay nimeelewa sasa, nimerudi kuangalia project yangu ile ya keyup. Ilikuwa inafanya kazi kwa sababu hakuna mtu alikuwa anaandika kitu isipokuwa English kwa laptop. Sasa nauliza, mimi natumia React, na kuna boksi ya kutafuta inaitisha seva kila input. Hiyo pia ni shida ama?

---

Mwl_Kibodi

Ni shida ndogo ila ya gharama. Mjapani wa `asa` atakutumia seva maswali matatu manne, あ, あｓ, あさ, 朝, na lile la あｓ halina jibu duniani, kwa hiyo anaona "hakuna matokeo" ikimulika katikati ya neno. Vue waliamua v-model yao isibadilike wakati wa kutunga, imeandikwa kwenye maelezo yao. React haikuamulii, onChange inaita kila mara, utaangalia `e.nativeEvent.isComposing` mwenyewe.

Angalizo, ukisema "input yoyote yenye isComposing naiacha" basi Chrome itakuangusha. Kwenye Chrome input ya mwisho inakuja kabla ya compositionend, ikiwa bado na alama ya kutunga, na baada ya hapo haiji nyingine. Firefox inaleta input moja tena baada ya compositionend. Kwa hiyo kwenye Chrome utaruka zote na neno 朝 halitatafutwa milele mpaka mtu agonge kitu kingine. Itishe seva kwenye compositionend pia.

Ila Wakorea hawataipenda hiyo. Kikorea kinatunga silabi kwa silabi, ㅎ inakuwa 하 inakuwa 한, na silabi ya mwisho inabaki kwenye penseli mpaka mtu aguse kitu kingine. Ukisubiri compositionend, mtu ameandika neno lote na matokeo yako yako nyuma silabi moja. Kwa hiyo kwa boksi la kutafuta mimi huwa naacha input zote zipite na kuweka subira ya sehemu ya sekunde. Wengine wanabisha, na wana hoja zao.

---

devu_wa_ngong

Wakorea hao hao watatuma message kwa chati ya Kisanduku mara mbili ama?

---

Mwl_Kibodi

Kwa skripti yake ya kwanza, ndiyo, kwenye Mac. Chrome inaleta Enter mara mbili kwa kugonga kitufe mara moja, ya kwanza ya kufunga silabi ikiwa na isComposing=true, ya pili ya kawaida. Anaandika 안녕, inaenda 안녕 na nyuma yake 녕 peke yake. Kwa skripti mpya ile ya kwanza inakataliwa, ya pili inatuma, na Mkorea anaona Enter moja imetuma kama anavyotarajia. Mjapani anagonga mbili, na yeye ndivyo anavyotarajia. Wote kwa mstari ule ule mmoja wa 229.

---

Muscat_Mswahili

Nimesoma uzi wote nimejifunza. Hapa kazini tuna Mvietnamu, namuona kila siku anagonga `tieengs Vieetj` inatokea tiếng Việt. Huyo naye ni penseli?

---

Mwl_Kibodi

Inategemea anatumia nini. Kama yuko Windows na Unikey, huyo ni karani wa aina nyingine kabisa, hana penseli. Anaandika kwa wino, akiona umegonga alama anagonga Backspace za bandia kufuta alichoandika, kisha anaandika upya yenye alama. Kwa brauza hakuna compositionstart wala 229 ya kukusaidia, ni Backspace na herufi kama za mtu mwenye haraka. Skripti inayofanya kitu kwenye Backspace, kwa mfano kufuta tagi nzima au kufunga pendekezo, inamharibia. Vivyo hivyo boksi linalojikamilishia neno na kulipigia rangi, Backspace yake ya kwanza inafuta pendekezo badala ya herufi, anabaki na herufi mbili mbili.

Na hapo sina mstari wa kukupa. Backspace ya bandia na ya kweli zinafanana.

---

Kisanduku_Arusha

Mrejesho. Ile ya 229 iko hewani wiki sasa, Chrome na Safari, Wajapani wametulia, jana mgeni kaandika aya nzima ya maelekezo ya chakula cha mama yake imefika kipande kimoja. Nimeacha kitufe cha Tuma pembeni kwa wenye simu. Ila dada wa ofisini ananiuliza kwa nini sasa kwenye Mac yake akiandika Kifaransa neno linaloishia na kofia akagonga Enter haraka, haitumi mpaka agonge mara ya pili. Nikamwambia neno gani la Kifaransa linaishia na kofia, akanionyesha ^^ anayowatumia wageni kama uso wa kucheka.

---

papa_wa_bukavu

😂😂 Mwambie agonge spesi baada ya kofia, inatoka penseli.